Naandikaje tangazo la simu yenye kasoro na bado iuzike?

*"Kaka habari, niko Tandika, nauza iPhone 11 yangu GB 64. Betri iko 79, kioo nilibadilisha kwa fundi mwaka jana, na nyuma ina ufa kwenye kona. Niliposti Marketplace 'iPhone 11 kali sana haina shida bei poa njoo inboksi', watu wamekuja kuiona kadhaa, wote wanageuka au wananitajia laki mbili na nusu wakati mi nataka laki nne na nusu. Sasa nikiandika ukweli wote si ndo hawatakuja kabisa? Niandikeje?"*

Dada, kilichokuangusha hapo ni "haina shida". Hebu mfikirie huyo mtu, katoka Mbezi, kapanda daladala mbili na jua hili, kafika anaigeuza simu anakuta ufa, anaingia kwenye settings anakuta 79, anaenda kwenye About anakuta kioo sio cha kwake. Kila akigundua kitu anakata hela mara mbili, anakata ya hicho alichokiona, alafu anakata na ya vile ambavyo hajaviona bado, maana kashajua wewe ni mtu wa kuficha. Ile laki mbili na nusu imetokea hapo. Ufa peke yake hauwezi kukutoa laki mbili.

Kwaiyo tangazo la kweli kazi yake ni kuzuia hilo kato la pili. Ukishaandika mwenyewe ufa uko wapi na una urefu gani, akija anauona pale pale ulipomwambia, na mengine uliyosema anayaamini bila kuyatafuta sana. Watakuja wachache, hilo ni kweli kabisa sikudanganyi, inboksi itapoa. Ila wanaokuja wanakuja na hela.

Sa tuanze na betri maana ndo kitu cha kwanza kila mtu anauliza, "BH ngapi". Ingia Settings, Battery, alafu Battery Health, utaona Maximum Capacity 79%. Hiyo namba inasema betri yako saa hizi inabeba kiasi gani ukilinganisha na ilivyokuwa mpya. Betri ya iPhone 11 ikiwa mpya ni mAh 3,110, kwaiyo yako inabeba kama 2,450 hivi. Apple wenyewe kwa simu za kizazi hiki wanasema betri imetengenezwa ibaki na 80% baada ya mizunguko 500 ya chaji, na mzunguko ni jumla ya matumizi ya 100%, hata kama umeyafikisha kwa siku mbili. Simu yenyewe ilitoka Septemba 2019, sasa 79 kwa simu ya umri ule sio aibu wala maajabu, ni betri ya kawaida iliyotumika. Ikishuka chini ya 80 simu mara nyingi inakuandikia Service pale kwenye Battery Health, usiogope kuipiga picha hiyo skrini, ipige na uiweke.

Tena nikwambie kitu ambacho wauzaji wengi hawakipendi, iPhone 11 yenye BH 100 mnunuzi anayejua anaiogopa kuliko hii yako ya 79. Simu ya 2019 ikionyesha 100 maana yake betri ishabadilishwa, au fundi kaichezea namba, na vifaa vya kupandisha hiyo namba mafundi wanavyo. Ya kwako 79 inaonyesha betri ni ile ile iliyokuja na simu, ila kabla hujaandika hilo nenda Settings, General, About, shuka chini uone kama kuna sehemu imeandikwa Parts and Service History. Kama betri ingekuwa imebadilishwa kwa betri ya mtaani ingeandikwa hapo Battery, Unknown Part. Kama betri haijatajwa na wewe mwenyewe hujawahi kuibadilisha, andika "betri sijawahi kubadilisha". Kama simu uliinunua mtumba, andika "tangu niwe nayo haijabadilishwa", usijibebeshe dhamana ya miaka ambayo hukuwa na simu.

Ila asilimia peke yake haitoshi. Mtu wa kawaida akisoma 79 hajui kama itamfikisha jioni. Muandikie inavyoishi. Chaji mpaka 100, weka mwanga nusu, washa video ya YouTube kwa data saa moja nzima, alafu angalia imekula ngapi. Iandike hivyo hivyo, "saa moja ya video mwanga nusu inakula 13" au itakavyokuwa. Na kitu kikubwa zaidi ya vyote, angalia inazima ikiwa na ngapi. Betri iliyochoka inaweza kuwa na 18% ukafungua kamera ikazima ghafla, kwa sababu betri kuukuu ikibebeshwa kazi nzito volti zinaanguka kwa mkupuo hata kama chaji bado ipo. Ishushe yako mpaka 10 huku unapiga picha kwa flashi. Isipozima, hiyo ni sentensi ya kuuzia simu, iandike. Ikizima, andika inazima kwenye ngapi, na hapo ujue bei inashuka au unabadilisha betri kabla ya kuuza.

Kioo sasa. Hapa ndo wengi mnajichanganya. Mnaandika "kioo orijino" kwa sababu fundi kasema orijino. Fundi wa Kariakoo neno orijino analitumia kwa maana zaidi ya moja, kuna anayemaanisha kimetoka kwenye simu nyingine ya aina hiyo hiyo, kuna anayemaanisha kopi nzuri kuliko ile ya bei ya chini. Simu yenyewe ndo inasema, pale pale About kama umeweka mfumo kuanzia iOS 15.2 utaona Display, Unknown Part. Mnunuzi anaenda hapo kwanza. Kingine anachoangalia, anashusha Control Center anabonyeza ile alama ya mwanga kwa muda, kitufe cha True Tone kama hakipo anajua kioo kimebadilishwa. Ila na chenyewe kikiwepo sio ushahidi, kuna vifaa vya kuhamisha True Tone kutoka kioo cha zamani. Kwaiyo usijisumbue kubishana, andika "kioo kimebadilishwa kwa fundi, About inaandika Unknown Part, True Tone haipo", basi umemaliza.

Alafu usiishie hapo, maana akishasikia kioo kimebadilishwa swali linalofuata kichwani mwake ni kama Face ID ipo hai. Kwenye iPhone 11 ile spika ya sikioni imekaa kwenye kioo pamoja na vihisi vya Face ID, kwaiyo fundi akibadilisha kioo lazima aving'oe kwenye kioo cha zamani avihamishie kwenye kipya, na ule utepe wake ni mwembamba, ukichanika Face ID inakufa na kununua spika nyingine hakuirudishi maana vimefungamana na simu ile. Ya kwako kama inafanya kazi iandike kwenye mstari huo huo wa kioo. Pigia mtu simu pia, weka sikioni, angalia kama skrini inazima ukiisogeza, hicho kihisi nacho kiko kwenye utepe ule ule na kikifa mtu anabonyeza vitu kwa shavu kila akiongea.

Jambo jingine la simu iliyofunguliwa ni maji. iPhone 11 ilitoka kiwandani inavumilia maji, lakini ikishafunguliwa ule ulimbo wa pembeni umekatwa na wengi hawaurudishi, na yako ina ufa nyuma juu yake. Weka mstari mmoja, "imefunguliwa kwa hiyo sio ya majini". Hiyo haikupunguzii hata mia na inakuokoa na mtu wa kukupigia baada ya wiki anakwambia ulimuuzia simu ya maji.

Ufa usiuandike "ka ufa kadogo tu". Kadogo kwa nani? Chukua rula. Andika kona gani, urefu gani, unagusa kamera au haugusi, unakata kidole au haukati, vipande vinabanduka au vimetulia. Mtu anayeficha simu kwenye kava maisha yake yote, ufa wa sentimita mbili kona ya chini hajali kabisa, ila ule unaokaribia kamera anaujali kwa sababu vumbi na unyevu vinapitia hapo.

Haya, tukikusanya yote tangazo lako linakuwa hivi. Vipimo ambavyo sina nimeviweka vya mfano, we weka vyako ulivyopima:

> iPhone 11 GB 64 nyeusi, 450,000, Tandika
>
> Ni simu yangu mwenyewe naitumia mpaka leo, nimekaa nayo miaka miwili, nauza nimepata nyingine.
>
> KASORO ZAKE, soma kabla hujaja:
> Betri BH 79 na inaandika Service, tangu niwe nayo haijabadilishwa. Saa moja ya YouTube mwanga nusu inakula 13. Nimeishusha mpaka 10 haizimi ghafla. Asubuhi 100, mimi saa kumi jioni natafuta chaja.
> Kioo kimebadilishwa kwa fundi mwaka jana, About inaandika Unknown Part, True Tone haipo. Tachi iko sawa kote, hakina wino wala mistari. Face ID inafanya kazi.
> Nyuma ina ufa kona ya chini kulia, sentimita 2, haufiki kwenye kamera, haukati mkono. Picha ya 4.
> Imefunguliwa kwa hiyo sio ya majini.
>
> Vinavyofanya kazi nimevijaribu jana: kamera zote tatu kwa kuhesabu na ya mbele, spika ya juu na ya chini, maiki, sistimu chaji, WiFi, laini zote za Tanzania, kitufe cha kimya.
>
> Boksi sina. Chaja sitoi. iCloud ni yangu, natoa mbele yako ukishailipia. IMEI unaikagua ukija.
>
> Laki nne na nusu, punguzo dogo lipo ukishaishika. Sibadilishani na simu nyingine.

Ona kasoro zimekaa juu, kabla ya sifa. Wengi wanazizika chini kabisa baada ya emoji za moto kumi na mbili na mnunuzi hafiki huko, Marketplace yenyewe inakata maneno mpaka abonyeze See more. Kinachoonekana kabla hajabonyeza kiwe ndo kile kitakachomfanya asije bure.

Kichwa cha tangazo kianze na jina la simu na GB, maana watu wanaandika "iphone 11 64" kwenye kutafuta, hakuna anayetafuta "kali sana". Na bei weka ya kweli. Wale wanaoweka shilingi 1 au 123 ili watu waulize wanajikata wenyewe, mtu mwenye laki nne na nusu akichuja bei kuanzia laki tatu mpaka tano tangazo lako halimtokei. Pale kwenye Condition utaona Used - Like New, Used - Good na Used - Fair, wewe chagua Fair. Najua moyo unataka Good, lakini ukiweka Good alafu chini kuna ufa na kioo cha fundi, maneno yako mawili yanapingana na mtu anaamini lile baya.

Picha piga mchana karibu na dirisha, futa lenzi ya simu unayopigia kwanza. Ya kwanza mbele imewashwa. Ya pili fungua picha nyeupe tupu ijae kioo chote, hapo wino, alama za njano na vidoa vinaonekana kama vipo, na kama havipo ndo ushahidi wako. Ya tatu skrini ya Battery Health. Ya nne ufa kwa karibu ukiwa umeilaza simu pembeni kidogo mwanga uupige ubavuni, ukipiga moja kwa moja kioo kinaakisi dari na ufa unapotea, mtu anahisi umefanya makusudi. Ya tano pembe zote. Ya sita hiyo About ya kioo, ila hapo kuwa makini, ukurasa wa About una serial number na IMEI, kata picha ibaki ile sehemu ya Parts tu. IMEI usiiweke hadharani, mtu yeyote anaweza kuichukua akaitumia kwenye tangazo lake feki au kwenye karatasi ya simu isiyo yake.

Bei nayo iwe na hesabu nyuma yake. Ingia Marketplace hapo hapo, angalia iPhone 11 GB 64 ambazo hazina kasoro zinaombwa ngapi Dar, alafu nenda kwa fundi uulize betri ngapi na kioo cha nyuma ngapi akiweka yeye. Tuseme nzima zinaombwa laki tano na elfu sabini, betri kakwambia elfu sabini, nyuma elfu hamsini, hizi namba za kuelezea tu usizibebe. Unabaki na laki nne na nusu. Hicho kioo cha mbele hukikati kwa bei ya kioo kwa sababu kinafanya kazi, unakikata kwenye nafasi ya kupatana. Kwaiyo unaomba 450 na moyoni unajua mwisho wako ni 410. Mtu akikutajia laki mbili na nusu una cha kumjibu kwa upole, "kaka betri ni elfu sabini na nyuma elfu hamsini, nishazitoa zote kwenye bei, wewe unatoa nini kingine?" Mara nyingi hana, alikuwa anapima kina cha maji tu.

Inboksi wataendelea kuuliza "ipo?" na "bei ya mwisho?" na "ina shida gani?" japo umeandika. Usikasirike, wengine hawasomi kabisa. Andika jibu moja ulihifadhi, liwe na zile kasoro tatu kwa mstari mmoja mmoja na bei, unamtumia kila anayeuliza. Akisema sawa nakuja, ndo unampa mahali. Bei ya mwisho usiitoe kwenye meseji, ukitaja 410 inboksi akija anaanzia 410 kushuka.

Neno moja kwa wanaouza Androidi maana najua mtasoma. Tecno na Infinix nyingi hazikuonyeshi asilimia ya afya ya betri, kwaiyo usibuni "betri 95", umeitoa wapi? Fanya jaribio lile la video saa moja, liandike. Samsung fungua Samsung Members kwenye sehemu ya uchunguzi inakupa hali ya betri, andika ilichosema. Na nyingi za Samsung ukibonyeza `*#0*#` kwenye sehemu ya kupiga simu inafungua ukurasa wa majaribio, bonyeza nyekundu, kijani na bluu uone kama kioo kina vivuli vya keyboard au alama za WhatsApp zilizoganda, vioo vya AMOLED vinaganda hivyo na mwenye simu huwa kashazoea haoni tena. Mstari wa kijani ukiwepo utaje, usiseme "una kamstari", sema upo upande gani na umekuwepo tangu lini, maana leo mmoja kesho wawili.

Siku ya kukutana chagua mahali penye watu mchana. Akifika mpe aikague mwenyewe, abonyeze `*#06#` aone IMEI, aitume kwa meseji kwenda 15090 kama anataka kuhakiki ni ya aina gani, na wewe usionekane una haraka. Hela ikiingia hakikisha kwa kuangalia salio lako, sio kwa meseji anayokuonyesha kwenye simu yake wala iliyoingia kwako ikifanana na ya M-Pesa. Ndo unaingia Settings, unabonyeza jina lako, Sign Out, alafu General, Transfer or Reset iPhone, Erase All Content and Settings, mbele yake, mpaka itokee Hello. Kama utaifuta bila kutoa akaunti itamganda kwenye Activation Lock na atakurudia usiku. Muandikiane karatasi, majina, namba za simu, IMEI, bei, na humo humo mrudie zile kasoro tatu alafu asaini chini yake.

Na kama ikikaa wiki mbili haijaondoka, kabla ya kuiposti upya ingia tena Battery Health. Inawezekana imeshuka 78, na picha uliyoweka inasema 79.